Tupeane uzoefu: mayai ya daku yanayokaa tumboni

Bi Mdogo
Asalaam aleikum wapendwa. Kila ninayemuuliza ananiambia kula mayai daku, utashiba. Mimi nakula mawili ya kukaanga, vipande vitatu vya mkate mweupe na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Saa nne asubuhi tumbo limeshaanza kunguruma. Anayeshiba kweli aseme anakula nini, na anayapikaje bila kusimama sana jikoni, maana mimi daku naamka nusu nimelala.

Mpishi wa Zamu
Waaleikum salaam dada. Mayai hayana kosa hapo, tazama yaliyo pembeni yake. Yai moja kubwa lina protini gramu 6 hivi, kwa hiyo mawili yanakupa kama 12, na kiini kina mafuta. Hivyo ndivyo vinavyochelewa kutoka tumboni. Lakini yai halina nyuzinyuzi hata kidogo, na hapo ndipo mkate unapotakiwa kusaidia. Wa kwako mweupe hausaidii. Unasagwa upesi, na chai ya sukari nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo vyote viwili vinakuwa vimekwisha kazi mapema na mayai yanabaki peke yake.

Nimefanya kazi ya jikoni miaka mingi, nikifunga huku nimesimama mbele ya moto. Daku langu ni mayai matatu, maharage nusu kikombe yaliyobaki usiku, kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa na tango. Wewe usianze kwa kuongeza mayai. Badili mkate, weka maharage, punguza sukari kwenye chai. Mawili yale yale yatafika mbali zaidi.

Abuu
Mimi kufuturu kwa mayai hunijaza gesi, siyapendi kabisa. Tende tatu na maji vinatosha, halafu naswali.

Bi Mdogo
Kaka Abuu, tunazungumzia daku, si futari 😄 Ila ahsante.

Kijana wa Bweni
Mimi nachemsha usiku kabla ya kulala. Daku nakuta tayari, namenya, nakula, narudi kitandani. Nina swali: nikiyapasha kwenye maikrowevu yanapasuka. Juzi moja liliniripukia nilipoliuma, halikuripuka humo ndani bali mdomoni.

Mpishi wa Zamu
Usirudie mdogo wangu, utaungua vibaya. Yai zima lililochemshwa likipashwa kwenye maikrowevu, mvuke unabanwa ndani. Linaweza kutulia hadi utakapoligusa kwa jino au uma ndipo lipasuke. Ukimenya ganda hujaondoa hatari hiyo. Likate vipande ndipo ulipashe, au liache na ganda lake ndani ya bakuli la maji ya moto dakika tano, litapata uvuguvugu wa kutosha.

Na kwa kuwa umetaja kuchemsha, niseme ninavyofanya. Maji yachemke kwanza, ndipo uteremshe mayai moja moja kwa kijiko. Ukiyaangusha kutoka juu ganda linagonga chini ya sufuria na ute unatoka kama nyuzi nyeupe. Punguza moto, maji yachemke taratibu. Dakika 7 kiini bado laini katikati, 10 kimeshika lakini hakijakauka, 12 kimekauka kabisa. Yatoe hapo hapo uyatie kwenye maji baridi, la sivyo yanaendelea kuiva yenyewe. Ukikata ukaona kiini kimezungukwa na mstari wa kijani kijivu, ujue ulipitiliza. Halina madhara, ila kiini kinakuwa kikavu na kinakwama kooni, na saa ile ya alfajiri hakuna anayetaka kitu cha kukwama.

Yakishapoa weka kwenye friji na maganda yake. Yasilale mezani usiku kucha. Kwenye friji yanakaa hadi wiki moja, kwa hiyo unaweza kuchemsha ya siku kadhaa kwa mkupuo.

Mama Pacha
Mayai mapya kabisa hayamenyeki jamani, ute wote unabaki kwenye ganda. Kwa kuchemsha mimi natumia yaliyokaa friji siku kadhaa, mapya nakaanga.

Hakimu wa Chakula
Naona watu wanasifu mayai tu. Mayai yanaleta kiu, kila mtu anajua. Na kiini ni kolesteroli tupu. Kuleni ute peke yake, protini yote iko huko.

Mpishi wa Zamu
Kwenye kolesteroli una haki ya kusema kwamba iko kwenye kiini, na mwenye tatizo hilo amsikilize daktari wake. Lakini protini si yote iko kwenye ute. Karibu nusu iko kwenye kiini, pamoja na mafuta yale yanayokushikilia tumbo. Ute mtupu utakuacha na njaa. Na kiu sidhani ni ya yai. Tazama chumvi unayonyunyiza, na soseji au jibini unayokula nayo.

Mama Pacha
Hapo kwenye chumvi nakubali. Wanangu walikuwa wanalilia maji adhuhuri. Nilipoacha kutia chumvi kwenye mayai nikabadilisha na pilipili manga na nyanya, malalamiko yakapungua. Yangu ni ya kuvuruga. Vitunguu na nyanya nakata usiku nikafunika. Daku naweka mafuta kijiko kimoja cha chai, moto mdogo, nakoroga polepole, nazima yakiwa bado yana unyevu kidogo kwa sababu kikaango chenyewe kinamalizia. Moto mkali unayakamua maji, yanakuwa kama mpira. Kuanzia kuwasha hadi sahani ni dakika tano.

Mzee wa Vidonge
Mimi nina kisukari na natumia vidonge. Mwaka jana sukari ilishuka mchana nikitetemeka, na daku nilikula mayai manne! Mayai hayakunisaidia.

Mpishi wa Zamu
Pole mzee wangu. Hilo usilitafutie dawa kwenye sahani. Vidonge vingine vinashusha sukari hata ukiwa hujala, na kabla ya kufunga daktari ndiye wa kusema dozi na saa. Na ukitetemeka hivyo, pima; ikiwa imeshuka, fungua.

Kijana wa Bweni
Na saa ya kula je? Mimi nikila saa saba usiku nilale moja kwa moja, nashinda na njaa kuliko nikiamka karibu na imsaki.

Mama Pacha
Bila shaka, masaa matatu umeshayatupa. Daku kuchelewesha ni sunna pia. Ila usile halafu ulale papo hapo, mayai ya mafuta mengi yatakurudi kwa kiungulia.

Bi Mdogo
Narudi na majibu. Nimebadili mkate, nimeweka maharage, chai nimepunguza sukari, mayai mawili ya kuchemsha dakika 10. Saa nne ilipita sikusikia kitu, njaa ilinijia baada ya adhuhuri, na haikuwa ya kutetemesha. Lililobaki ni shombo. Mume wangu harufu ya yai alfajiri inamchefua, anaondoka mezani.

Mama Pacha
Ya kuchemsha ndiyo yananuka zaidi, hasa yakipitiliza moto. Mpe ya kuvuruga yenye kitunguu kingi na giligilani, moto mdogo. Asipoweza, mpe mtindi na maharage.

Hakimu wa Chakula
Bado nasema mayai matatu kila siku ni mengi.

Mpishi wa Zamu
Kwa mwili wangu na kazi yangu hapana. Kwa wako sijui, kaka.