Posti zinatoka mara mbili, shiti imejaa: nihamie databesi sasa au nisubiri? (Kigoma)

Mwanga Sokoni (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, nasimamia kurasa za wateja: wauza dagaa na mawese, lodge, saluni, maduka ya dawa. Nilianza na akaunti 4, leo nina wateja 26, kila mmoja Facebook na Instagram. Foleni yote iko Google Sheets. Mstari mmoja ni posti moja: jina la akaunti, maneno, picha, muda, na safu ya hali, BADO au IMETUMWA. Skripti inaamka kila dakika 5, inatuma zilizofikia muda, inaandika IMETUMWA.

Wiki mbili sasa posti zinajirudia. Jana saa 2 na robo asubuhi kanipigia mama wa duka la dawa, tangazo lake la dawa ya minyoo limekaa mara mbili, moja juu ya lingine. Akaniuliza kama namhesabia hela kwa idadi ya posti. Imeniuma sana. Mistari imepita 7,000. Naomba kujua, mtu anahama ikifika mistari mingapi?

Mzee wa Fomula
Tulia kijana. Google Sheets inabeba seli milioni 10. Mistari 7,000 kwa safu 8 ni seli 56,000, hata asilimia moja hujafika. Zilizotumwa zihamishie shiti nyingine, maisha yaendelee. Databesi ni gharama ya bure.

Mama Asali TBR
Mimi niko Tabora, nanunua asali kwa wafugaji wa nyuki, hesabu zangu zote ziko kwenye shiti. Msimu uliopita kijana wangu alipanga majina kwa alfabeti, akachagua safu ya majina peke yake. Madebe yakabaki yalipokuwa. Mzee wa madebe 3 akaonekana ana 11. Nilipiga simu watu 40 nikiomba radhi. Mwanangu, funga hiyo shiti watu wasiiguse.

Binti Gungu
Mama, lako linamhusu kuliko unavyodhani. Skripti nyingi zinakumbuka posti kwa namba ya mstari. Mtu akipanga upya shiti wakati skripti inatuma, IMETUMWA inaandikwa kwenye mstari wa mwingine. Kila posti iwe na namba yake isiyobadilika.

Mwanga, mistari iache kwanza. Nijibu mawili: zinazojirudia ni zote au za sehemu fulani? Na posti ngapi zimepangwa kwa saa ileile?

Mwanga Sokoni
Dada, kila mteja anataka saa 2 asubuhi, kwa hiyo zinatoka 52 kwa mpigo. Moja yenye picha inachukua kama sekunde 7. Zinazojirudia ni za chini ya orodha. Duka la dawa liko mkiani.

Binti Gungu
Basi tupige hesabu. 52 mara 7 ni sekunde 364. Ikifika dakika ya 5, yaani sekunde 300, umeshamaliza 42 na ya 43 iko njiani. Hapo skripti inaamka mara ya pili wakati ile ya kwanza haijamaliza. Inaona 10 za mwisho bado zimeandikwa BADO, nayo inaanza kuzituma. Mikono miwili inakimbizana kwenye mistari ileile. Juu ya hapo, Apps Script inakatwa ikifika dakika 6, sekunde 360. Ya 52 inaweza kutoka kwenye ukurasa halafu skripti ikafa kabla ya kuandika IMETUMWA. Mzunguko unaofuata utaituma tena.

Weka kufuli mwanzoni, na kila mzunguko uchukue 20 tu:

```javascript
const kufuli = LockService.getScriptLock();
if (!kufuli.tryLock(1000)) return;
```

20 ni sekunde 140, unamaliza mapema. Wa mwisho atatoka saa 2 na dakika kumi na kitu, na hakuna atakayelalamika.

Mwanga Sokoni
Kufuli hilo ninalo dada, nililiweka wiki iliyopita, na nachukua 20. Bado zinarudia. Ndiyo maana nimeshampa kijana mmoja shilingi 300,000 kati ya 500,000 anihamishie MySQL. Siwezi kurudi nyuma. Nilitaka tu mniambie kama nimefanya mapema au nimechelewa.

Shahidi Mkuu
Hapa ndipo ninapoushuku uzi. Kwa kufuli lile, skripti moja haiwezi kujikanyaga. Halafu ghafla yupo "kijana" na bei yake imetajwa. Kesho ataingia mtu kuomba namba ya huyo fundi. Hili ni tangazo limevaa kanzu ya ushauri.

Mwanga Sokoni
Naapa si tangazo. Sijamtaja jina wala sitamtaja.

Binti Gungu
Shahidi, tangazo sijui, lakini la kufuli umesema kweli. Mwanga, hiyo skripti inaendeshwa mahali pengine popote?

Mwanga Sokoni
Sawa, niseme. Mdogo wangu yuko Tabora. Skripti yangu ilikuwa inagoma jioni, ujumbe unasema nimemaliza muda wa siku. Nikampa kopi, anaiendesha kwa akaunti yake, shiti ni ileile. Ana wiki mbili na siku kadhaa. Sikuona kama inahusika, kwa sababu naye ana kufuli.

Binti Gungu
Ana kufuli lake, wewe una lako. `getScriptLock` inafunga skripti moja. Kopi ni skripti nyingine, haijui kama ya kwanza ipo. Milango miwili, kila mmoja na funguo zake, chumba ni kimoja.

Na ule muda wa siku ni dakika 90 kwa akaunti ya bure. Kuamka kila dakika 5 ni mara 288 kwa siku. Ukisoma mistari 7,000 kwa sekunde 15 kila mara, dakika 72 zimekwisha kwa kutafuta tu. Hapo Mzee wa Fomula yuko sahihi: ondoa zilizotumwa, soma kwa mkupuo mmoja, kopi ya Tabora utaona huihitaji.

Kwa hiyo jibu la swali lako haliko kwenye 7,000. Unahama siku mikono miwili isiyojuana inapolazimika kuchota kwenye foleni moja. Ukimzima mdogo wako leo, shiti inakutosha bado.

Mwanga Sokoni
Mdogo wangu simtoi. Anajibu maoni ya wateja 12 na nilimwahidi sehemu ya kipato. Na hela nimeshatoa.

Binti Gungu
Maoni anaweza kujibu bila skripti. Lakini kama wote wawili lazima mtume, basi databesi ni halali yako, na fundi asikuletee shiti iliyobadilishwa jina. Kabla ya kutuma, kila mmoja achukue posti kwa amri moja:

```sql
UPDATE foleni
SET hali = 'INATUMWA', mtumaji = 'kigoma'
WHERE hali = 'BADO' AND muda <= NOW()
ORDER BY muda LIMIT 1;
```

Ukishaichukua wewe, Tabora haioni tena BADO. Ndipo uisome, uitume, uhifadhi namba ya posti ambayo Facebook inakurudishia. Angalia pia saa ya seva: ikiwa ya UTC, tangazo la saa 2 asubuhi litatoka saa 5.

Mzee wa Fomula
Na ikikwama kwenye INATUMWA? Baada ya dakika 10 irudishwe BADO yenyewe.

Binti Gungu
Hapana mzee. Huenda ilishatoka ukurasani, tukakatika kabla ya kuandika. Ukiirudisha, umeirudia. Databesi haiwezi kujua hilo. Mtu afungue ukurasa atazame.

Mzee wa Fomula
Akiwa amelala? Mteja anataka saa 2. Mimi bora irudie kuliko ikose.

Mama Asali TBR
Mwulizeni mama wa duka la dawa anachopendelea. Na umwombe radhi kwanza, mwanangu.

Mwanga Sokoni
Nimempigia mama, amenielewa, anasema kwake bora ichelewe kuliko ijirudie. Taima ya Tabora mdogo wangu ameizima sasa hivi, nimeona picha ya skrini. Kesho saa 2 nakaa na simu mkononi naangalia zile 10 za mwisho. Fundi nimemuuliza habari ya INATUMWA. Amesoma, hajajibu.