GB 1.1 iliyolipiwa inapotea kwa dakika 25: nani alipanga sheria hizi?

Mwana_Kondele (Kisumu)

Naanza uzi huu nikiwa na hasira, na sitaomba radhi. Kila wiki watu wa hapa wanaambiwa "uliacha data wazi" au "simu yako ina programu nyingi" bando likitoweka. Mara nyingi si kweli. Salio halikutumika, limefutwa kwa sheria ambayo mnunuzi hakuonyeshwa kabla ya kubonyeza 1.

Chukueni mfano huu tuupige hesabu pamoja. Mteja ana GB 1 ya bando lisilo na muda. Jumapili saa moja na dakika 40 jioni ananunua bando la wiki, GB 2 kwa shilingi 250. Wiki nzima anatumia GB 1.9. Jumapili inayofuata, saa mbili na dakika tano usiku, ananunua tena bando lile lile akiamini kilichobaki kitabebwa mbele. Anaangalia salio na kukuta GB 2 kamili. Bando lisilo na muda: sufuri.

Yamemtokea mambo mawili, na yote mawili yanauma.

La kwanza ni muda. Meseji ilisema bando linaisha Jumapili 19:40. Yeye alisoma "Jumapili" akadhani ni hadi saa sita usiku. Wiki ya bando ni saa 168 tangu dakika lilipoingia. Alichelewa dakika 25. Salio hubebwa tu ukinunua bando la aina ile ile kabla la kwanza halijafa. Likishafa hakuna cha kubeba. Na msichanganye: bando zinazoandikwa "leo" hufa usiku wa manane hata ukinunua saa nne usiku, ila zinazoandikwa "saa 24" huenda hadi saa ile ile kesho. Menyu moja, hesabu mbili tofauti, maelezo hakuna.

La pili ndilo linalonichemsha zaidi. Katika ile GB 1.9, mfumo ulikula kwanza GB 1 isiyo na muda, ndipo ukachukua GB 0.9 kwenye bando la wiki. Bando linaloweza kusubiri mwaka mzima likaliwa mbele, linalokufa Jumapili likaachwa na GB 1.1. Kama mfumo ungeanza na linalokufa, angepoteza GB 0.1 tu na GB 1 yake ingekuwepo hadi leo. Kwa hiyo dakika 25 si chanzo pekee. GB 1.1 kwa bei aliyonunua ni shilingi 137.50. Hiyo ni nauli na chakula cha mtu.

Nataka mtu anijibu: kwa nini anayeuza ndiye anayeamua kipi kiliwe kwanza, na hasemi?

Mlango_Kumi (Nakuru)

Mkuu, hapo umekosea kidogo. Tatizo ni hesabu ya 1,000 na 1,024. Wanakuuzia GB 1 ya elfu elfu, simu inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo kila GB unapoteza. Wizi uko hapo, si kwenye muda.

Fundi_wa_Mitambo

Mlango_Kumi, tofauti hiyo ipo lakini haibebi mzigo unaoutwika. GB 1 ikihesabiwa kwa 1,000 badala ya 1,024, unapungukiwa na kama MB 70. Katika GB 2 ni MB 140 hivi. Inaweza kueleza kwa nini kipimo cha simu na cha mtandao havilingani. Haiwezi kueleza GB 1.1 iliyoondoka kwa mkupuo.

Nimefanya kazi na mifumo ya kutoza, kwa hiyo niseme jinsi foleni inavyopangwa. Kila bando ndani ya mfumo lina namba ya kipaumbele, na mtu ndiye anayeiandika bidhaa inapoundwa. Mpangilio wa kawaida ni huu: bando la programu moja huliwa kwanza ukiwa ndani ya programu hiyo, kisha linaloisha mapema, kisha lisilo na muda, mwisho kredo. Lakini bidhaa mpya ikiingizwa bila mtu kurudi kupanga namba upya, au ikipewa kipaumbele sawa na ya zamani, unapata alichoeleza Mwana_Kondele. Si lazima iwe njama. Kwa mteja matokeo ni yale yale.

Msibishane kwa maneno, lipimeni. Ukiwa na bando mbili, zima waifai na uzime data. Subiri dakika kama tano, angalia salio zote mbili, upige picha ya skrini. Washa data, pakua kitu cha MB 100 hivi, zima data, subiri tena, uangalie. Iliyopungua ndiyo iliyo mbele kwenye foleni. Chini ya MB 50 usiamini jibu.

Nyanya_wa_Kakamega

Kwa nini kusubiri dakika tano, mwanangu?

Fundi_wa_Mitambo

Shikamoo mama. Ni kwa sababu mfumo haukati kila baiti inapopita. Unaikopesha simu kipande cha data kwanza, kikiisha unatoa kingine. Kipande kilichokopeshwa kinaweza kuonekana kimeshatoka kwenye salio hata kabla hujakitumia. Ukizima data, kipande kisichotumika kinarudishwa. Ndiyo maana mtu anaangalia salio katikati ya video na kuona MB nyingi zimeondoka ghafla, akiangalia baadaye anaona nyingine zimerudi.

Nyanya_wa_Kakamega

Marahaba. Sasa nimeelewa kwa nini mjukuu aliniambia zimerudi nikamwita mwongo.

Mpakani254 (Busia)

Mimi pia data yangu inapotea lakini sijanunua ya wiki. Naweka kredo ya 100, nanunua bando la 50, nikikaa dukani saa moja kredo iliyobaki imekwisha na bando liko vile vile. Hii sheria ya kubeba salio inanihusu?

Fundi_wa_Mitambo

Yako ni jambo lingine kabisa. Upo karibu na mpaka, na simu yako inashika mnara wa Uganda. Bando la nyumbani mara nyingi halifanyi kazi ukiwa kwenye mtandao wa nje, kwa hiyo linabaki kama lilivyo huku kredo ikikatwa. Angalia juu ya skrini: jina la mtandao limebadilika, au kuna herufi R karibu na alama ya mnara. Nenda kwenye mipangilio ya laini, uzime `Roaming`. Kisha kwenye kuchagua mtandao, ondoa ile ya kujichagulia yenyewe, chagua wako wa Kenya kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba mnara wa Kenya ukipotea hutapata hata simu ya kawaida mpaka urudi kwenye mipangilio.

Mwana_Kondele (Kisumu)

Asante kwa kumsaidia ndugu wa Busia, lakini turudi. Kredo kuliwa bando likiisha ni sehemu ya malalamiko yangu hata sisi tulio mbali na mpaka. Afrika Kusini, tangu 2019 kanuni za ICASA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, zinataka mtandao umjulishe mteja akifika asilimia 50, 80 na 100 ya bando, na usimtoze nje ya bando mpaka akubali. Zinataka pia apewe njia ya kubeba data ambayo haijaisha muda na ya kumpa mtu mwingine. Hapa kwetu bando zisizo na muda zimekuwepo tangu mwaka huo huo wa 2019, sasa tunajibiwa "si ununue hizo". Nimeonyesha hapo juu kwamba hata hizo zinaliwa kabla ya zamu yake!

Dukani_Bondeni (Nakuru)

Nauza kredo, nawaona hawa wateja kila siku. Suluhisho ni kuchagua bando lijinunue lenyewe kila wiki. Hapo hutachelewa kamwe.

Fundi_wa_Mitambo

Ni nusu ya suluhisho, ndugu. Kujinunua kunategemea kredo iwepo dakika ile. Mteja akiwa na deni la kredo ya kukopa, akiweka 250 deni linakatwa kwanza. Tuseme anadaiwa 55: inabaki 195. Saa ya kujinunua inafika, 195 haitoshi bando la 250, ununuzi unakataa, la zamani linakufa na salio lake. Halafu data ikiwa wazi, hiyo 195 nayo inaanza kuliwa kwa bei ya nje ya bando. Mteja anakuja dukani kwako akisema pesa 250 imeibwa. Anayetumia njia hii alipe deni kwanza, na aweke kredo siku moja kabla, si saa moja kabla.

Dukani_Bondeni (Nakuru)

Hilo la deni ni kweli, nimeliona. Je, akilipa kwa pesa ya simu saa 19:39 na bando likaingia 19:41?

Fundi_wa_Mitambo

Mfumo wa kutoza unaangalia dakika bando lilipoingia, haujui ulibonyeza PIN lini. Lakini hapo una hoja nzuri ya kudai, kwa sababu utakuwa na meseji mbili: ya malipo yenye 19:39 na ya bando yenye 19:41. Usifute hata moja. Usiku wa Jumapili na mwisho wa mwezi foleni za malipo huwa ndefu, kwa hiyo jipe angalau saa mbili.

Achieng_K (Kisumu)

Nami swali. Nikinunua mapema sana, kwa mfano siku ya tano, si napoteza siku mbili?

Fundi_wa_Mitambo

Kwa bando nyingi, ndiyo. Salio la zamani linachukua tarehe ya bando jipya, na jipya linaanza kuhesabiwa dakika linapoingia. Data haipotei, siku ndizo zinazopotea. Ndiyo maana nasema siku ya mwisho, saa chache kabla. Na liwe bando lile lile: ukinunua la siku moja juu ya la wiki, la wiki haliongezewi hata dakika.

Mwana_Kondele (Kisumu)

Wanaotaka kudai, msipige simu na kulalamika kwa mdomo tu. Andikieni kampuni: namba ya laini, jina la bando, tarehe na dakika lilipoingia, salio la mwisho mliloliona na picha yake, salio baada ya kununua tena. Dai la foleni liandikwe peke yake: "bando lisilo na muda lilikatwa kabla ya linaloisha muda, naomba rekodi ya makato kwa kila bando." Ombeni namba ya malalamiko. Wakikataa au wakinyamaza, namba hiyo ndiyo ya kupeleka Mamlaka ya Mawasiliano, maana Mamlaka huuliza kwanza kama uliwaendea wenye mtandao.

Mlango_Kumi (Nakuru)

Nimefanya lile jaribio la MB 100 sasa hivi. Lisilo na muda halijaguswa, limekatwa la siku. Kwa hiyo kwangu foleni iko sawa?

Fundi_wa_Mitambo

Kwa bando hizo mbili, ndiyo. Ukiwa na la wiki, rudia. La siku na la wiki ni bidhaa mbili, na kila moja ina namba yake.

Achieng_K (Kisumu)

Mimi nimerudia mara mbili nikiwa na la wiki. Mara zote mbili imekatwa isiyo na muda. Nina picha nne za skrini, naandika barua sasa.