USHAURI WA HARAKA: Sanduku langu la chuma limezama, na keshokutwa nafundisha kwa nini meli inaelea

MwalimuMpya: Wakuu, salaam. Keshokutwa nina kipindi: kwa nini meli ya chuma inaelea na kokoto linazama. Nimetengeneza sanduku la chuma lililo wazi juu, sm 20 kwa 20, kimo sm 10. Nimelikata mwenyewe kwa mkasi wa bati, fundi akachomelea. Halivuji, nimelijaza maji usiku kucha likakaa kavu nje. Nilipoliweka kwenye beseni lilishuka wima mpaka ukingoni, maji yakamwagikia ndani, kwisha habari. Nimekosea wapi?

Chumvi_Nyingi: Umekosea kuchagua ualimu 😂

BintiBahari: Meli inaelea kwa sababu ina hewa ndani, mwalimu. Hewa ndiyo inayoinyanyua. Ziba juu, litaelea.

MzeeWaNondo: Binti, hewa hainyanyui kitu hapo. Kazi yake ni kushika nafasi bila kuwa na uzito wa maana. Anayenyanyua ni maji yaliyosukumwa pembeni: yana uzito gani, na chombo kina uzito gani. Basi. Mwalimu, pleti yako ina unene gani?

MwalimuMpya: Ya kawaida tu mkuu. Imara.

MamaMapacha: Mimi wanangu walipanda karai bwawani, likapinduka. Watoto wa siku hizi hawasikii. Mwalimu waambie kwanza wajifunze kuogelea.

MzeeWaNondo: Pole mama, ila kupinduka ni kesi nyingine. Mwalimu, nimeuliza unene.

MwalimuMpya: Mm 10. Nilitaka lifanane na meli ya kweli, si kopo.

MzeeWaNondo: Ndiyo hiyo uliyokuwa unaificha. Tupige hesabu. Sanduku likizama mpaka ukingoni linasukuma 20 × 20 × 10, yaani sm za ujazo 4,000. Maji hayo ni kilo 4, na hapo ndipo mwisho wa msaada utakaoupata. Chuma chenyewe: kitako na kuta ni kama sm za ujazo 1,084, na kila moja ina gramu 7.85. Inakuja kilo 8.5. Maji yanabeba 4, wewe umeleta 8.5. Sanduku lako ni jiwe lenye shimo.

MwalimuMpya: Basi naongeza kimo. Nimeshanunua pleti nyingine, fundi anachomelea jioni kufikisha sm 15.

MzeeWaNondo: Mrudishe fundi nyumbani. Kila sm ya kimo unayoongeza inasukuma maji ya gramu 400, lakini ukuta wake una karibu gramu 600. Sasa hivi umepungukiwa kilo 4.5. Ukifika sm 15 utapungukiwa 5.5.

BintiBahari: Kumbe! Sasa meli kubwa inawezaje na chuma kinene vile?

MzeeWaNondo: Upana, binti. Ukikuza kila upande mara mbili, nafasi ya ndani inakua mara 8, lakini pleti ya unene uleule inaongezeka mara 4 tu. Pleti ya mm 20 kwenye meli ya upana wa mita 30 ni kama ganda la yai. Kwa pleti yake hiyo mwalimu angetengeneza sm 60 kwa 60, kimo 20, lingeelea, likibakiza sm 2 na kitu juu ya maji. Ila abebe kilo 63.

Kishoka: Samahani wakuu. Nachomelea miaka 12. Mkasi wa bati unakata pleti ya mm 10? Hata grenda inalia. Huyu anatunga, hana sanduku wala darasa.

Chumvi_Nyingi: Nilijua 😂 uzi wa kutafutia wachangiaji.

MwalimuMpya: Situngi. Mkasi nilikatia sanduku la kwanza, la bati la mm 1. La pleti alikata fundi.

Kishoka: Na hilo la kwanza liko wapi?

MwalimuMpya: Nyumbani. Lilielea. Ila linayumba, linaonekana la kuchezea, wanafunzi watanicheka.

MzeeWaNondo: Loh! Vipimo vilevile?

MwalimuMpya: Vilevile.

MzeeWaNondo: Kwa hiyo lina kama gramu 930, na linazama sm 2 na kidogo tu. Leta yote mawili, wapime kwanza kwa mizani ndipo wayaweke majini. Halafu chukua jiwe la gramu 270, lenye sm za ujazo 100. Likiwa ndani ya sanduku la bati, sanduku linazama zaidi mpaka lisukume gramu 270 za ziada. Ukilitupa kwenye beseni lilelile, linasukuma 100 tu.

BintiBahari: Kwa hiyo ukilitoa sandukuni ukalitupa majini, maji ya beseni yanapanda?

Kishoka: Yanapanda, jiwe limeingia majini.

MzeeWaNondo: Soma tena nilichoandika hapo juu.

Kishoka: Nimesoma. Bado nasema yanapanda. Na sanduku la pleti siamini mpaka nione picha.

MamaMapacha: Mapacha wameshachukua sufuria yangu na jiwe la kusagia. Maji yameshuka, ila sakafu yote imelowa.