Viatu vya shule vinanitia hasara, au hesabu zangu ndizo mbovu?

Mzee wa Kalibu
Heshima kwenu wakuu. Nina karakana ya viatu hapa Mwanza. Tunatoa aina mbili: vya shule vya reksini na vya ofisini vya ngozi. Mwezi uliopita tulitoa pea 400 za shule na 200 za ngozi. Malighafi ya pea moja ya shule, kuanzia reksini na bitana hadi soli na gundi, ni shilingi 6,500. Ya ngozi ni 19,000. Mishahara, pango na umeme vilikula 4,800,000.

Malighafi zote za mwezi zilikuwa 6,400,000, kwa hiyo hizo gharama nyingine ni asilimia 75 yake. Basi kila pea naiongezea asilimia 75 ya malighafi yake. Cha shule kinatoka 11,375, nakiuza 13,000. Cha ngozi kinatoka 33,250, nakiuza 38,000, na wateja wananikimbia kwenda kwa jirani anayeuza 34,000. Oda za shule zinamiminika, tunakesha, lakini droo haina kitu. Nakosea wapi?

Mkwaju
Achana na asilimia, cherehani haijui bei ya ngozi. Gawa 4,800,000 kwa pea 600, kila pea ibebe 8,000. Cha shule 14,500, cha ngozi 27,000. Kwisha kazi.

Mama Makubazi
Mimi nashona makubazi ya shanga kwa oda, Mombasa. Kila oda ina karatasi yake: vifaa na saa nilizokaa nayo. Fanya hivyo, hutapotea.

Daftari Jekundu
Mama, kwako ni sawa, kila mteja ana lake. Huyu akiandikia pea 600 karatasi itabidi aajiri karani. Cha kwake ni malighafi kufuata aina ya kiatu, kazi kufuata meza ambazo kiatu kimepita. Mzee, viatu vyote vinapita kila meza?

Mzee wa Kalibu
Kukata, kushona, kuvuta kwenye kalibu na kubandika soli, vyote. Kung'arisha ni ngozi tu. Reksini tunaifuta kwa kitambaa, inaingia boksini.

Daftari Jekundu
Basi 8,000 ya Mkwaju inawatoza watoto wa shule kiwi wasichopakwa. Gawa ile 4,800,000 kwa meza: mshahara kwa anayekaa pale, umeme kwa mashine, pango kwa nafasi.

Mzee wa Kalibu
Nimekaa na daftari jana. Kukata 900,000, kushona 1,800,000, kalibu na soli 1,500,000, kung'arisha 600,000.

Daftari Jekundu
Meza tatu za kwanza gawa kwa pea 600: unapata 1,500, 3,000 na 2,500. Kung'arisha gawa kwa pea 200 tu: 3,000. Cha shule kimebeba 7,000 ya kazi, jumla 13,500. Cha ngozi kimebeba 10,000, jumla 29,000. Kila pea ya shule unampa mwalimu mkuu 500 yako, na cha ngozi unakifukuzia wateja wakati hata kwa 34,000 kinakuachia 5,000.

Mkono wa Kisu
Nimekata ngozi miaka tisa, hapo kwenye kukata sikubali. Reksini unapanga tabaka kadhaa, kisu kinapita mara moja. Ngozi ni moja moja, tena unakwepa makovu ya kupe na alama za chapa. Haziwezi kubeba 1,500 sawa.

Daftari Jekundu
Umenikamata. Mzee, pima kwa saa, pea 20 za kila aina. Meza nyingine zikikaribiana ziache.

Mzee wa Kalibu
Nimepima. Kushona na kalibu tofauti ni ndogo. Kukata, ngozi inachukua muda mara mbili ya reksini.

Daftari Jekundu
Basi kwenye kukata hesabu pea ya ngozi kama mbili. Una mafungu 800, kila fungu 1,125. Cha shule kinashuka hadi 13,125, cha ngozi kinapanda hadi 29,750. Bado 13,000 haifiki.

Mkwaju
Kwa hiyo aache oda za shule? Mishahara na pango atalipa hata mashine zikilala. Kila pea ya shule inamwachia 6,500 baada ya malighafi.

Daftari Jekundu
Kama mafundi wangekaa bure, uko sahihi. Lakini kasema wanakesha. Mzee, oda za ngozi umewahi kuzikataa kwa kukosa nafasi?

Mzee wa Kalibu
Mbili mwezi huu. Ila bei ya shule nimeshasaini nao hadi Januari.

Mama Makubazi
Uliandika bei tu, au na idadi ya pea?

Mzee wa Kalibu
Ngoja nikautafute mkataba.