Mchezo wa kupeana: mimi na mke tuingie kwa jina moja au mawili?

Mkulima_Tandahimba: Wakuu, kuna mchezo unaanza Januari. Majina 10, kila jina elfu 50 kwa mwezi, anayepokea anabeba laki 5. Mimi nataka tuingie majina mawili, mke anataka moja. Nishaurini, kura ni Jumapili.

Binti_Chuno: Hujasema nani anatoa hela na nani anapokea. Mkeo anafanya shughuli gani?

Kaka_Nachingwea: Wekeni kwenye kikoba, mwisho wa mwaka mnapata gawio.

Binti_Chuno: Kaka, hapa anaongelea mchezo. Hakuna hisa wala riba, ni zamu tu.

Mkulima_Tandahimba: Samahani. Mimi ni korosho tu, mke anauza chapati kila siku. Yeye anataka friji ya barafu, mimi nawaza salfa ya kupulizia mikorosho.

Mama_Mikindani: Basi mwanangu, mkeo kaona mbali. Yalinikuta. Tuliweka majina mawili, mume akatoka namba 3, Machi, akachukua chake. Aprili hela ya korosho ikaisha. Zilibaki zamu 7, deni la jina lake laki 3 na nusu, na kijumbe alikuwa anakuja kwangu asubuhi kabla sijawasha jiko. Nikalipa majina mawili kwa vitumbua mpaka mtaji ukakata. Zamu yangu ilipofika, kijumbe akampa mume laki 5 mkononi eti ndiye baba wa nyumba. Sikuiona.

Mzee_Masasi: Pole sana. Lakini kisheria mali ya ndoa ni nusu kwa nusu, jina halina maana.

Wakili_Lindi: Si hivyo, mzee wangu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60: mali iliyopatikana kwa jina la mmoja huchukuliwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yakiwa majina ya wote wawili, ndipo huchukuliwa ni sawa kwa sawa. Kwa hiyo andikeni kwenye daftari la kijumbe jina, namba ya simu ya kupokelea, na nani katoa kiasi gani.

Binti_Chuno: Mkulima, ingieni jina moja, la mkeo. Miezi yote 10 ni laki 5, nusu yako laki 2 na nusu. Mpe yote Januari wakati hela ya mnada ipo, awe anatoa mwenyewe kila mwezi. Ombeni zamu ya Mei, salfa haijaanza.

Mzee_Masasi: Mwanaume amkabidhi mke hela yote, halafu salfa akaombe?

Binti_Chuno: Ndiyo maana wagawane kabla ya kura: kiasi gani salfa, kiasi gani friji.

Mkulima_Tandahimba: Laki 5 haitoshi vyote viwili. Na kwa kura siwezi kuchagua Mei.

Mama_Mikindani: Unaweza kubadilishana na aliyeipata. Salfa mfuko bei gani huko kwenu sasa?

Kaka_Nachingwea: Huku wengine tumehamia dawa ya maji. Mkulima, mikorosho yako mingapi?