Roboti ya kukusanya kurasa: foleni moja au foleni kwa kila tovuti?

Kijana_Kamalondo (Lubumbashi): Ndugu zangu, Alhamisi nina mahojiano ya usanifu wa mifumo, nami nitasanifu roboti ya kukusanya kurasa za wavuti. Je, nichague foleni moja ya viungo vyote, ambayo ni rahisi kuieleza, au foleni ya pekee kwa kila tovuti?

Yaya_Himbi (Goma): Mdogo wangu, umeacha la msingi. Ni kurasa ngapi, na kwa muda gani?

Kijana_Kamalondo: Samahani, yaya. Ni kurasa milioni 100 kwa siku 30, kila moja isomwe mara moja tu.

Yaya_Himbi: Basi ni kurasa kama 39 kwa sekunde. Ukijiwekea ombi moja kwa sekunde kwa kila tovuti, ni lazima wakati wote uwe na tovuti zisizopungua 39 ambazo zamu yao imefika. Hapo ndipo foleni moja inaposhindwa, kwa kuwa ukurasa mmoja wa gazeti hutoa viungo mia vya gazeti lilelile, navyo hupangana mfululizo, hata roboti ikabaki ama kuishambulia seva moja ama kusubiri bure. Weka foleni kwa kila tovuti, na juu yake orodha inayopanga tovuti kwa saa ya ombi lijalo. Sema pia kwamba tovuti yenye kurasa milioni moja itachukua karibu siku 12, hata ukiongeza mashine.

Kadutu_Data (Bukavu): Mnahangaika na foleni, ilhali tatizo ni marudio. Kichujio cha Bloom kinatosha: biti 10 kwa kiungo, na viungo bilioni moja vinaingia katika gigabaiti 1.25.

Yaya_Himbi: Kumbukumbu umeikadiria vizuri, lakini kichujio hicho kikijaa, kiungo kipya 1 kati ya 100 hivi kitadhaniwa kimeshaonekana, na ukurasa wake utapotea bila kosa lolote kuandikwa. Tena viungo viwili tofauti huweza kuleta makala ileile yenye tarehe tofauti pembeni. Hilo linahitaji kulinganisha maandishi yenyewe, kwa SimHash kwa mfano.

Mzee_Bei (Lubumbashi): Mimi nakusanya bei kwenye tovuti tatu tu. Moja imeandika hivi katika `robots.txt`:

```
Crawl-delay: 10
```

Kwa siku napata kurasa 8,640 pekee. Je, ninalazimika kutii?

Yaya_Himbi: Mzee, agizo hilo halimo katika RFC 9309 ya mwaka 2022, na Google hailifuati. Hata hivyo mwenye tovuti amekuomba waziwazi, nami ningetii.

Mama_Seva (Bukavu): Atii! Seva ninayoitunza ina tovuti nyingi ndogo kwenye anwani moja ya IP. Usiku mmoja ilikuja roboti iliyoomba ukurasa mmoja kwa sekunde kwa kila jina la tovuti, kama mnavyoshauri hapa, lakini majina yote yalikuwa mashine yangu moja. Hifadhidata ilianza kuchelewa, kisha ikakataa miunganisho mipya. Tulijibu 429 pamoja na `Retry-After`, nayo ikaendelea kuomba bila kupunguza mwendo, hadi tulipoifunga. Foleni zipangwe kwa IP.

Kadutu_Data: Mama, ukipanga kwa IP, maelfu ya tovuti zilizo nyuma ya msambazaji mmoja mkubwa wa maudhui zitasubiri foleni moja, ingawa yeye anaweza kuhimili maombi mengi zaidi.

Mama_Seva: Basi afadhali hizo zisubiri.

Kijana_Kamalondo: Je, nikianza na jina la tovuti, kisha nikaweka kikomo cha pili kwa IP, na kurefusha muda kila seva inapochelewa kujibu?

Yaya_Himbi: Anza hivyo. Ila jiandae kuulizwa kikomo hicho cha pili kitahesabiwa wapi mashine zikiwa kumi, maana majina yanayoshiriki IP moja yanaweza kuangukia mashine tofauti.