Nina duka dogo, nataka kuongeza fotokopi na kuprinti. Inalipa au nitamfanyia kazi muuza tona?

Mama_Kaunta:
Wakuu, habari zenu. Nina duka dogo la madaftari, kalamu na vikorokoro vya nyumbani. Hela yangu yote imelala kwenye rafu, sitaki mzigo mwingine. Haipiti siku bila mtu kuchungulia na kuuliza, "Mnatoa kopi?" Kompyuta ya zamani ninayo, umeme upo, kaunta ina nafasi. Ninachoogopa ni hiyo tona. Waliowahi kufanya, hebu nisaidieni hesabu.

Kijana_wa_Mjini:
Dada, usiumize kichwa. Chukua printa ya wino wa maji yenye skana juu, ni rahisi kuliko ya leza na inatoa hadi rangi. Utaanza kesho.

Wakala_Mchovu:
Mimi niliweka uwakala wa kutuma na kutoa pesa nikiambiwa hauhitaji mzigo. Kumbe floti ndiyo mzigo wenyewe! Ikiwa nyingi kwenye simu, droo haina kitu, na kinyume chake. Fikiria mara mbili.

Mama_Kaunta:
Pole kaka, lakini mimi nauliza kopi, siyo uwakala.

Fundi_Rimu:
Kijana yuko sawa kwamba ya wino wa maji ni rahisi kununua. Ila duka lenye wateja wa kuvizia, ikikaa siku kadhaa bila kazi wino unakauka kwenye matundu, halafu unamaliza wino mwingine kuyasafisha. Tona ni unga, haikauki. Chukua leza nyeusi yenye skana, rangi waachie wengine.

Hesabu usiifanye kwa bei, ifanye kwa kurasa. Yangu ilikuwa hivi: rimu moja ya karatasi 500 nilikuwa nainunua kwa mapato ya kurasa 90. Tona, mapato ya kurasa 300. Kwenye boksi waliandika inatoa kurasa 1,600, nikapata 1,100. Sikuibiwa. Namba ile hupimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika asilimia 5 hivi tu, yaani barua fupi. Kopi ya kitambulisho chenye picha na kivuli cheusi pembeni inakula zaidi ya hapo. Funga kifuniko vizuri, ule weusi wa pembeni ni tona yako inayoondoka bure.

Sasa chukua kurasa 1,000. Karatasi zinakula 180, tona kama 273, zilizoharibika 30. Unabaki na kurasa 500 na kidogo, umeme bado. Mashine yangu ilikuwa sawa na mapato ya kurasa 4,000, kwa hiyo ilinibidi nitoe 8,000 ndipo ijilipe. Ukitoa 40 kwa siku ni siku 200. Ukitoa 15, ni zaidi ya 500, na hapo huenda mashine ikakutangulia kuchoka.

Kwa hiyo kabla ya kununua, weka daftari kaunta. Kila anayeuliza, mwandike na idadi ya kurasa alizotaka. Kurasa, siyo vichwa.

Kijana_wa_Mjini:
Hapo kwenye kukauka nimekuelewa. Yangu hukaa na kazi kila siku ndiyo maana sijaliona.

Bi_Subira:
Nyongeza mbili. Tona inayokuja na mashine mpya mara nyingi haijajazwa kamili, usiipigie hesabu kama ya kununua. Na rimu usiifungue yote ukaiacha wazi, karatasi ikivuta unyevu inajikunja na kukwama. Ukiona inatoka imepinda kama kigae, ndiyo hiyo.

Halafu faili za watu. Mtu akishaondoka, futa. Na inua kifuniko uangalie kioo, vitambulisho husahaulika pale kila mara.

Mama_Kaunta:
Nimerudi. Nimeandika siku 6: watu 31, kurasa 138. Yaani 23 kwa siku. Kwa hesabu ya Fundi ni karibu mwaka mzima kurudisha hela ya mashine. Na 19 kati yao walitaka kitambulisho tu, mbele na nyuma kwenye karatasi moja.

Fundi_Rimu:
Hapo usinunue mpya. Tafuta iliyotumika, nusu ya bei, lakini chapa kwanza kurasa 20 mfululizo mbele ya muuzaji. Alama ikijirudia kwa umbali uleule kila ukurasa, dramu au rola imechoka, achana nayo.

Bi_Subira:
Mimi ningesubiri wiki nyingine mbili. Siku 6 ni chache, na kama kuna shule jirani, mwanzo wa muhula utabadilisha kila kitu.

Mama_Kaunta:
Na hicho kitambulisho cha pande mbili, mnatoza ukurasa mmoja au miwili?

Fundi_Rimu:
Miwili. Skana imepita mara mbili.

Bi_Subira:
Mmoja. Ukitoza miwili anavuka barabara.